Shika Shingo ya Chupa Kwanza: Namna ya Kukwepa Mvinyo Uliochemshwa

Ukiingia duka la vinywaji Dar es Salaam jioni ya Ijumaa, hukosi kumkuta mtu amesimama mbele ya rafu ya mvinyo, macho yakipanda na kushuka. Haijui hata chupa moja. Ataishia kuchukua yenye picha ya kasri, au iliyo nzito kuliko wenzake, au ile ya pili kutoka chini kwa bei, asije akaonekana mbahili mbele ya mwenye kaunta. Mwongozo huu ni wake. Analipa hela halali, na mara nyingi anarudi nyumbani na juisi ya zabibu iliyochemshwa.

Kasri ni kazi ya mchoraji. Uzito ni kioo, nacho umekilipia kama ulivyolipia kukisafirisha. Vitu viwili hasa kwenye chupa usiyoijua vina habari ya kukupa hapo dukani: bei yake, ukijua kuifumua, na shingo yake, ukijua kuisoma.

Tuanze na kufumua bei. Chukua chupa ya mvinyo mwekundu kutoka Afrika Kusini, rafuni shilingi 25,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, imeshaingia humo; ukiiondoa unabaki na kama 21,200. Tuseme duka linachukua robo ya hizo, zimebaki 15,900. Aliyeagiza mzigo naye achukue sehemu moja ya tano, zimebaki 12,700. Sasa toa gharama ambazo hazijali kama mvinyo ni mzuri au mbaya: ushuru wa bidhaa, ambao hapa Tanzania hutozwa kwa lita na si kwa thamani, ada za bandari, usafiri wa meli, kioo kitupu, kizibo, lebo, na boksi. Tuziweke zote pamoja shilingi 8,000. Mkulima, kiwanda na zabibu zenyewe wamegawana 4,700.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa chupa ya 50,000. Kodi ikitoka, duka likichukua robo yake na mwagizaji sehemu yake ya tano, unabaki na kama 25,400. Toa zile 8,000 ambazo hazikuongezeka hata senti. Zimebaki 17,400. Umelipa mara mbili, lakini fedha iliyoingia kwenye mvinyo wenyewe imezidi mara tatu na nusu. Tarakimu hizi ni za mfano, na kila bajeti inaposomwa Dodoma baadhi yake husogea. Mwenendo wa hesabu ndio wa kushika. Gharama zisizobadilika huila chupa ya bei ya chini karibu yote, na chupa ya kati huiuma kidogo.

Sasa fanya hesabu hiyo kwa chupa iliyotoka nje inayouzwa 15,000. Baada ya kodi na faida za watu wawili zinabaki 7,600, na gharama zako ni 8,000. Mvinyo umelipiwa hasi shilingi 400. Hakuna mkulima anayekulipa wewe unywe. Kwa hiyo mojawapo ya mambo haya limetokea: mvinyo ulisafirishwa kwa wingi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki uliojaza kontena, ukatiwa chupa huku, au kuna kodi mtu hakulipa, au mzigo umekaa stoo mpaka mwenye duka amechoka kuutazama. Hilo la kwanza halina ubaya wowote. La tatu ndilo litakalokuletea kichefuchefu, na tutalirudia.

Mvinyo wa Dodoma uhesabu peke yake. Haukupanda meli, haukulala bandarini, na mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini hutozwa ushuru mdogo sana kuliko ule wa zabibu za nje. Kwa 15,000 chupa ya Dodoma inaweza kuwa na hela nyingi za zabibu kuliko chupa ya nje ya 25,000. Isitoshe, Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwenye Machi na tena kwenye Agosti na Septemba, kwa hiyo muuzaji hana sababu ya kukupa chupa iliyozeeka. Anayeipita rafu ya Makutupora akiinua pua, kisha akanunua kasri la bei hiyohiyo, ameikosea hesabu ya darasa la nne.

Na juu kabisa? Ukiipeleka hesabu yetu hadi 100,000, zinabaki kama 42,800 za mvinyo. Hela ni nyingi, ila ulimi hauzifuati kwa mwendo huo. Kati ya 25,000 na 50,000 tofauti mara nyingi inaonjeka. Kutoka 50,000 kwenda 100,000 unaanza kulipia jina la shamba, pipa jipya la mwaloni na uhaba. Kama unalijua jina hilo na unalipenda, lipia kwa raha. Kama hulijui, hukununua chochote zaidi ya wasiwasi.

Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo hesabu ya mezani haionyeshi. Katika duka la kawaida la mtaani, chupa ya bei kubwa kuliko zote ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko zote. Haina wanunuzi. Imewekwa rafu ya juu, ambako joto la chumba hupanda na kutulia, chini ya taa, na wakati mwingine dirishani ili wapita njia waione. Kila usiku duka linafungwa na kiyoyozi kinazimwa. Niliwahi kuomba niteremshiwe chupa ya namna hiyo katika duka moja la Sinza. Kioo kilikuwa na vuguvugu la kikombe cha chai kilichosahauliwa, na vumbi la mabegani likaniachia alama za vidole. Bei ilikuwa 180,000. Wakati huohuo chupa za 40,000 zilizokuwa usawa wa kiuno zilikuwa zinaingia na kutoka kila wiki.

Ndiyo maana kwa chupa nisizozijua mimi hukaa bei ya kati, kwenye rafu inayotembea. Kwa bei za sasa ni kati ya 35,000 na 60,000 kwa mvinyo wa nje. Chini ya hapo nanunua Dodoma. Juu ya hapo nanunua tu kwa mtu aliye tayari kunionyesha stoo yake.

Joto ndilo linalofanya hesabu hii yote ivunjike. Mvinyo hupenda kukaa kwenye nyuzi 12 au 13. Kwenye nyuzi 25 unazeeka haraka lakini hauharibiki wiki hiyo. Ukifika 30 na kuendelea, siku zinahesabika, kwa sababu kila joto linapopanda nyuzi 10, mabadiliko ya kikemia ndani ya chupa huenda kwa kasi mara mbili hivi au zaidi. Salfa iliyowekwa kuulinda inaisha, harufu za matunda mabichi zinapotea, na kinachobaki kinanukia jamu.

Sasa fuata safari ya kontena. Limetoka Cape Town, limepakiwa bila ubaridi kwa sababu kontena la baridi ni ghali zaidi, limepanda na pwani hadi Dar es Salaam. Baharini, likiwa chini ya sitaha, halipati taabu kubwa. Taabu inaanza likiteremshwa. Linawekwa uani, bati juu, jua la Januari likilipiga tangu asubuhi, na hewa iliyo chini ya paa lake inaweza kupita nyuzi 50. Maboksi ya juu na yale yanayogusa ukuta ndiyo yanayopikwa. Ya katikati yanaweza kutoka salama. Karatasi ya forodha ikikosa mhuri mmoja, wiki nyingine inaongezeka. Ndiyo sababu unaweza kununua chupa mbili za jina moja, mwaka mmoja, duka moja, ukapata mvinyo miwili tofauti.

Mvinyo ukipata joto hutanuka. Chupa ya mililita 750 iliyojazwa kwenye nyuzi 20 ikifika 40, mvinyo wake unaongezeka kwa kama mililita 5. Nafasi ya hewa kati ya mvinyo na kizibo ni takriban kiasi hichohicho. Hewa inabanwa, inakosa pa kwenda, kizibo kinasukumwa juu, na kama kimelegea kidogo mvinyo unapenya pembeni yake. Usiku ukifika chupa inapoa, mvinyo unanywea, na kile kilichotoka kinaacha pengo linalovuta hewa mpya ndani. Kesho jua linachomoza tena. Kizibo kimegeuka pampu.

Alama zake zinaonekana na mkono unazihisi, bila kufungua chochote. Pitisha kidole gumba juu ya chupa. Chini ya foili, kizibo kinapaswa kuwa sawa na mdomo wa kioo au kuzama kidogo. Kikiwa kimevimba juu, hata milimita mbili, irudishe rafuni. Shika foili uizungushe taratibu. Ikizunguka ni dalili nzuri, kwa kuwa mvinyo uliovuja hukauka na kuigandisha kama sukari guru. Isipozunguka usihukumu hapohapo, maana foili nyingine hubanwa sana kiwandani. Angalia pia kama kuna ukakasi wa kunata au doa lililoteremka kwenye lebo. Halafu ziweke chupa tatu za aina moja bega kwa bega na utazame usawa wa mvinyo shingoni. Zilijazwa na mashine moja. Iliyopungua huenda imevuja.

Mvinyo mweupe una alama moja zaidi, rangi. Chenin Blanc changa ina rangi ya majani makavu au nyasi iliyopauka. Ikifanana na chai ya rangi iliyoongezwa maji, imeshaondoka. Mvinyo wa waridi ukigeuka wa ganda la kitunguu, hivyohivyo, ingawa michache huzaliwa na rangi hiyo. Na yote miwili, ikiwa katika kioo cheupe kisicho na rangi na imekaa chini ya taa, hudhurika kwa mwanga hata bila joto. Hunuka kabichi iliyochemshwa. Toa chupa ya nyuma kabisa ya rafu.

Soma na mwaka. Afrika Kusini huvuna kati ya Februari na Aprili, Ulaya kuanzia Agosti hadi Oktoba. Mvinyo mweupe wa bei ya chini au ya kati ulitengenezwa unywewe ndani ya miaka miwili au mitatu. Ukiuona wa miaka mitano umepunguzwa bei kwa maandishi mekundu, huo si msamaha wa mwenye duka. Ndio ule mzigo uliomchosha.

Kifuniko cha kuzungusha kina shida yake. Hakivimbi, hakivuji kirahisi, kinazuia hewa vizuri, lakini hakizuii joto. Mvinyo unaweza kupikwa ndani yake ukabaki na sura ya kiwandani. Hata chupa ya kizibo iliyokaa wiki nne kwenye nyuzi 33 huweza kuwa imekwisha bila kuvuja tone. Kwa hiyo shingo safi haikupi hakikisho. Shingo chafu ndiyo inayokupa hukumu. Kwa chupa za kifuniko, tegemea mwaka, rangi, na mwendo wa rafu.

Sasa mtandaoni, ambako huna kidole gumba. Picha unayoiona ni ya kiwandani, chupa yenyewe iko stoo ambayo hujaiona. Mwandikie muuzaji kabla ya kulipa: "Kaka, naomba picha ya chupa utakayonitumia, shingo na mwaka vionekane. Stoo yako ina kiyoyozi usiku?" Muuzaji mwema anatuma picha ndani ya saa moja, mara nyingi kidole chake kimo ndani ya picha. Anayekujibu kwamba zote ni "orijino" hajakujibu. Anayekutumia tena picha ya kiwandani amekujibu vizuri sana.

Watu wengi humlaumu wa bodaboda, na wanamwonea. Chupa moja iliyotoka chumba cha nyuzi 20 huchukua saa kadhaa kulifikia joto la nje. Nusu saa ya Morocco hadi Mbezi haiui mvinyo uliokuwa mzima. Ogopa basi. Ukituma boksi kutoka Dar kwenda Mwanza, linalala kwenye buti la chini siku nzima, juu ya lami inayochemka, na upande wa nyuma likipakana na injini. Kama lazima, tuma kwa basi la usiku, omba boksi lisiwekwe upande wa injini, na uagize kati ya Juni na Agosti, wakati pwani imepoa. Kuanzia Desemba hadi Machi mimi siagizi mvinyo wa kusafirishwa.

Nilijifunza hilo kwa boksi la chupa sita. Ilikuwa Februari, muuzaji wa mtandaoni alikuwa na mvinyo mwekundu wa Stellenbosch kwa 38,000, wakati supamaketi waliuuza 52,000. Nilijiambia nimepata bei ya jumla. Boksi lilipofika nyumbani lilikuwa kavu, zuri, na gundi yake haijaguswa. Chupa nne zilikuwa na foili zilizozunguka. Mbili hazikuzunguka, na nilipokata foili ya moja nilikuta kizibo kimechomoza na kuzungukwa na pete nyeusi ya kunata. Nilikichomoa nikakitazama dhidi ya mwanga: mstari wa zambarau ulikuwa umepanda ubavuni kutoka chini hadi juu. Kizibo kizima hupata rangi kwenye uso wa chini tu.

Jioni ile nilikwenda supamaketi, nikanunua chupa ya jina lilelile na mwaka uleule kwa 52,000, nikamimina glasi mbili. Ya supamaketi ilikuwa nyekundu ya zambarau, ikanukia zambarau mbivu na pilipili manga, na mwisho wake ulikausha fizi kidogo. Ya boksi ilikuwa imeelekea rangi ya tofali. Ilinukia zabibu kavu na sukari iliyoungua, ikaingia mdomoni na utamu mzito, kisha ikakatika ghafla. Shemeji yangu, ambaye hanywi zaidi ya mara mbili kwa mwaka, alionja zote akaiita ya pili "sharubati ya ukwaju iliyolala". Nilifungua moja ya zile nne zenye foili nzuri. Haikuvuja, kizibo kilikuwa safi, lakini nayo ilikuwa imepoteza matunda yake, ikabaki bapa.

Kwa hiyo ule unafuu wa 14,000 kila chupa ulikuwa bei ya kutokuwa na baridi. Tufanye hesabu ya mwisho hapo. Kontena la futi 20 hubeba chupa zaidi ya 10,000. Tuseme kontena la baridi linaongeza shilingi milioni 5 kwenye nauli. Ni shilingi 500 kwa chupa, nusu ya soda. Mwagizaji anayebana hiyo 500 anahatarisha mzigo mzima, na mnunuzi anayeshangilia bei yake analipa 38,000 kwa kitu cha kumwagia kwenye mchuzi.

Nilituma picha za vizibo viwili na za usawa shingoni, pamoja na risiti, siku ileile. Muuzaji alirudisha hela za mbili zilizovuja. Za nne nyingine alikataa, akisema hazina kasoro, na kwa macho hazikuwa nayo. Hapo ndipo ushahidi wako unapoishia, kwa hiyo ukinunua kwa mtu mpya nunua moja kwanza, uifungue, halafu ndiyo uagize boksi. Ukiona harufu ya gazeti lililolowa, hilo ni kosa la kizibo na halihusiani na joto, nalo lidai. Na usiiweke chupa iliyopikwa kwenye friji ukitumaini itapona. Baridi inasimamisha uharibifu, haiufuti.

Kuna mvinyo mmoja usiokuwa na habari na haya yote. Ule wa kisiwa cha Madeira uliongezwa pombe kali, ukavushwa ikweta ndani ya meli karne zilizopita, na watu wakagundua umerudi bora kuliko ulivyoondoka. Leo mwingi wake hupashwa joto makusudi kwenye matangi, nyuzi 45 hadi 50, kwa miezi mitatu au zaidi. Ukiishi nyumba isiyo na kiyoyozi na unataka chupa ya kukaa kabatini mwaka mzima, hiyo ndiyo yako, na ukiifungua itakungoja kwa wiki nyingi.

Kwa nyingine zote, nunua unachokunywa wiki hii. Na ukiwa mbele ya rafu leo jioni, usimwombe mwenye duka akupendekezee chupa. Mwombe akuonyeshe stoo yake.